Shajara ya mradi: kuorodhesha kila bidhaa kwenye picha ya shelfu ili nilinganishe bei na majirani

Jumatano, 11 Juni 2025: kwanini naanza

Tuna minimaketi huku Dar, mimi na mdogo wangu wa kike. Wateja wamekuwa wakituambia "mbona kule ni rahisi" na sisi hatuna cha kujibu maana hatujui kule ni bei gani, tunajua bei mbili tatu za kusikia tu. Kuzunguka na daftari kwenye duka la mtu unaandika bei moja moja haiwezekani, unasimama nusu saa mbele ya shelfu moja, unaziba njia na unaandika nusu tu. Kwahiyo wazo ni hili: napiga picha shelfu nzima, nakuja nyumbani natulia, naorodhesha kila kitu kinachoonekana, kila bidhaa na saizi yake na bei yake, halafu naweka pembeni na bei zetu.

Naanza na shelfu moja tu, ya sabuni na usafi, kwasababu hapo ndipo tunapolalamikiwa zaidi. Maduka ya kulinganisha ni mawili, nitayaita duka A na duka B. Naandika hapa kila hatua na gharama yake ili mwenye duka mwingine akitaka kufanya asirudie makosa yangu.

Alhamisi, 12 Juni: picha ya kwanza, haifai

Duka A mlinzi alinisimamisha kabla sijapiga hata moja, "Kaka, hapa hatupigi picha." Nikamuomba samahani nikatoka. Ana haki, duka ni la watu. Nilirudi jioni kumuona meneja, akakataa kwa heshima, kwahiyo duka A nimelitoa kwenye mradi.

Duka B nilimuona kwanza mama anayesimamia. Nikamwambia ukweli kwamba na mimi nina duka na nataka kujua bei. Akasema bei si siri, zimebandikwa kila mtu anaona, ila nije siku ya kazi kabla ya saa tisa mchana na nisipige sura za wateja wala wafanyakazi. Anayefuata njia hii aanze hapo, kwa kuomba.

Mdogo wangu ndiye aliyepita kupiga, picha moja ya shelfu nzima, akanitumia kwa wasap. Nikaifungua kwenye laptopu, nikiivuta namba za bei zinasomeka kwa tabu na gramu za kwenye pakiti hazisomeki kabisa. Nikakaa nikapiga hesabu. Shelfu ina upana wa mita 2 hivi. Picha imenifikia ikiwa na pikseli 1600 kwa upana kwasababu ilitumwa kama picha ya kawaida na ikabanwa. 1600 gawanya kwa sentimita 200 ni pikseli 8 kwa kila sentimita. Namba ya bei ina urefu wa kama sentimita moja, kwahiyo unapata pikseli 8 za kusomea, inawezekana kwa shida. Lakini maandishi ya "900 g" kwenye mfuko yana milimita 3 au 4, hapo una pikseli 2 au 3, hata ukodoe macho vipi hakuna herufi pale, ni vumbi tu.

Hata ile picha yenyewe ya kwenye simu, pikseli 4000 kwa upana, inakupa 20 kwa sentimita, yaani 6 mpaka 8 kwa maandishi madogo. Bado haitoshi. Kosa halikuwa wasap peke yake, tulikuwa tumesimama mbali mno.

Jumatatu, 16 Juni: kupiga upya

Safari hii nilienda mwenyewe. Nilisogea mpaka upana unaoingia kwenye picha uwe kama sentimita 60, simu imelala, ubao mmoja wa shelfu kwa wakati. Hapo unapata pikseli 66 kwa sentimita, maandishi ya milimita 3 yana pikseli 20 na yanasomeka vizuri. Kila picha inaingiliana na ya pembeni yake kwa theluthi hivi. Shelfu ina mbao 5, kila ubao picha 5, jumla 25, na moja ya mbali ya shelfu nzima kama ramani, 26. Imechukua dakika kumi na mbili.

Picha za mbao za juu lebo ziling'aa kwasababu ya taa ndefu za darini, ile plastiki inayofunika lebo inarudisha mwanga. Nikihama hatua moja pembeni na kushusha simu mwanga unatoka. Angalia kila picha palepale kabla hujahama, mimi nilirudia nne.

Kuhamishia kwenye laptopu nimetumia waya. Kama lazima utume kwa wasap tuma kama dokumenti, inafika kama ilivyo.

Nauli bodaboda mpaka sasa safari tatu, kwenda na kurudi 4,000 kila moja, 12,000.

Alhamisi, 19 Juni: orodha mbili, hesabu mbili

Hapa ndipo penye kazi na ndipo nilipokosea zaidi.

Tulikubaliana mimi na mdogo wangu kila mtu aorodheshe kivyake bila kuangaliana, halafu tulinganishe. Mimi nikaja na bidhaa 43, yeye 36. Shelfu ileile, picha zilezile. Nilifurahi tulifanya hivyo kwasababu ningekuwa peke yangu ningeamini 43 yangu na ningeendelea nayo.

Mimi nilikuwa nimejirahisishia. Badala ya kufanya kazi na picha 25, nilichukua ile ya mbali nikaikata vipande vitano kwa amri moja ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha, kila kipande ubao mmoja, nikawa nasoma kipande huku nikichungulia picha za karibu pale nisipoelewa:

```
magick shelfu.jpg -crop 1x5@ +repage ubao_%d.jpg
```

Amri inafanya kazi, inakata picha vipande vitano vya mlalo vinavyolingana. Shida ni kwamba mbao za shelfu hazilingani. Ubao wa chini ni mrefu kwa ajili ya madumu ya lita 5, wa kati ni mfupi. Kwahiyo kisu kilipita katikati ya chupa, kichwa cha chupa kikabaki kipande cha 3 na kiwiliwili kipande cha 4, na mimi nikaandika bidhaa mbili. Hivyo ndivyo nilivyopata tano za bandia. Nyingine mbili nilizirudia kwasababu ya picha za karibu zinazoingiliana, pakiti ya mwisho kulia kwenye picha moja ndiyo ya kushoto kwenye inayofuata. Na kuna mbili sikuziona kabisa, ziko nyuma ya vifurushi vinavyoning'inia kwenye utepe. 43 toa 7 ongeza 2, tunabaki na 38.

Yeye naye alizikosa tatu, zote ni harufu tofauti za sabuni ileile ya maji, chupa zinafanana na kofia tu ndiyo inabadilika rangi. Na moja aliigawa mara mbili kwasababu pakiti moja ilikuwa imegeuzwa mgongo, akaona ni kitu kingine. 36 toa 1 ongeza 3, 38. Tulipofika wote namba moja kwa njia mbili tukajua tumepata.

Kilichotusaidia kumaliza ubishi ni anwani. Kila bidhaa tukaipa namba ya mahali ilipo, ubao na nafasi kuanzia kushoto, kwa mfano `U3-07` ni ubao wa tatu toka juu, bidhaa ya saba. Bidhaa haiwezi kukaa sehemu mbili bila wewe kuiona, na mwenzako akisema "hii umeirudia" anakuonyesha namba. Na tunaandika kwa bidhaa sio kwa pakiti: pale mbele kulikuwa na pakiti 118 zinazoangalia mteja lakini bidhaa ni 38 tu, kama sabuni moja imepangwa safu sita mfululizo ni mstari mmoja kwenye shiti, na 6 inakaa kwenye kolamu yake.

Kazi ya leo saa tano na dakika arobaini kwa watu wawili. Kijana wa kutushikia duka 8,000.

Jumamosi, 21 Juni: nilijaribu kompyuta isome bei

Tesseract ni programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye picha. Nikakata lebo moja moja nikairuhusu isome tarakimu tu. Lebo zetu zinaandikwa hivi, 4,700/=, sasa ile alama ya mkwaju programu imekatazwa kuitambua kwahiyo inalazimika kuigeuza tarakimu, nikapata 47007. Nyingine ikawa 26001. Ukiruhusu na alama zenyewe inakaa sawa:

```
tesseract lebo_U3-07.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist="0123456789,/="
```

Lakini nimeiacha. Kukata lebo 30 na zaidi kwa mkono ni nusu saa, kuzisoma kwa macho na kuziandika ni dakika sita, nimepima. Kwa shelfu moja au tano macho yanashinda. Na hata ikisoma sawa haikuambii lebo ni ya bidhaa ipi, na hilo ndilo lililonisumbua Jumatatu iliyofuata.

Jumatatu, 23 Juni: risiti inanikatalia

Kwenye orodha yetu bidhaa 33 zilikuwa na bei na 5 hazina lebo kabisa. Nikataka kuhakikisha, nikaenda duka B na orodha nikanunua vitu sita nilivyoandika, nikaona risiti itasemaje. Kwa orodha yangu jumla ilitakiwa iwe 18,500. Nimelipa 19,300.

Tofauti ya kwanza ilikuwa blichi, lebo 2,500 na kaunta ikatoa 2,800. Yule dada wa kaunta akaenda kuangalia, akarudi akasema bei imepanda lebo haijabadilishwa. Hapo orodha yangu ilikuwa sahihi kwa kilichobandikwa, ila sio kwa kile mteja anachotozwa. Picha haiwezi kukuambia hilo hata siku moja, ni risiti tu.

Tofauti ya pili ni kosa langu. Dawa ya chooni niliiandika 4,000 nikatozwa 4,500. Nikarudi kwenye picha. Chupa ya mililita 500 na ya 750 ziko jirani, wapanga shelfu walizisogeza ile kubwa ikaja kukaa juu ya lebo ya ndogo. Mimi nilikuwa nachukua bei iliyo chini ya chupa moja kwa moja, kumbe lebo inabaki na chupa zinahama, mteja akichomoa moja na kuirudisha vibaya mpangilio umevunjika.

Nikaivuta ile lebo kwenye picha ya karibu. Chini ya bei kuna jina la bidhaa kwa herufi ndogo limekatishwa katikati, na chini yake bakodi yenye tarakimu zake. Kumbe jibu lilikuwepo muda wote, nilikuwa nasoma namba kubwa tu. Sasa sheria yetu ni kwamba bei haiingii kwenye shiti mpaka jina la kwenye lebo lilingane na bidhaa, na jina likiwa limekatika tunalinganisha tarakimu nne za mwisho za bakodi na zile za pakiti tuliyonayo dukani. Bidhaa zote 33 tukazipitia upya kwa jicho hilo. Nne tumezitoa, lebo haieleweki ni ya nani, tumeandika "utata". Zimebaki 29 zenye bei ninayoweza kuitetea.

Mtu anaweza kuona ni hasara kupoteza nne. Mimi naona afadhali, kwasababu bei moja ya uongo ukiishusha dukani kwako unapoteza pesa kila siku mpaka ugundue.

Nauli 4,000, manunuzi 19,300.

Jumamosi, 28 Juni: kilo ambayo haikuwa kilo

Katika 29 tulizonazo bei, sisi tunauza 17. Kulinganisha kwa mara ya kwanza kukatoka hivi: wao ni rahisi kwenye bidhaa 9, sisi 6, sawa 2. Mdogo wangu akanyong'onyea, akasema kaka wateja wana haki tushushe. Tulishaanza kuandika lebo mpya za sabuni ya unga, yetu 5,000 na yao 4,700.

Ule mfuko niliununua Jumatatu ulikuwa bado jikoni. Nikauweka kaunta pembeni ya wetu tupige picha ya kumbukumbu. Mfuko uleule, rangi ileile, mama anayefua yuleyule pembeni, urefu uleule. Mdogo wangu ndiye aliyeona kwa chini kulia: wetu 1 kg, wao 900 g.

Nikafungua shiti. Mstari wa sabuni hiyo umeandikwa "1 kg" kwa mkono wangu. Nikafungua picha, pale penye gramu kuna kona ya lebo ya punguzo imefunika. Mimi sikuiona ile kilo. Niliijua. Nauza huo mfuko kila siku, nikiuona nasema kilo, nikaandika kilo. Mgeni asiyejua sabuni hiyo angeandika "haisomeki" na angekuwa sahihi kuliko mimi mwenye duka.

Nilidhani nitaweza kukamata saizi kwa kupima, uchukue urefu wa pakiti gawanya kwa upana wake kwenye picha, au uipime dhidi ya jirani yake unayeijua. Kwa dawa ya meno inafanya kazi, boksi ndogo na kubwa zinaonekana wazi. Kwa huu mfuko haifanyi kazi hata kidogo, mfuko ni uleule, kilichopungua ni unga uliomo ndani. Njia ni moja tu, kuona maandishi yenyewe. Au bakodi, maana uzito ukibadilika bakodi nayo inatakiwa kuwa nyingine, na kweli nilipoweka mifuko miwili pamoja tarakimu za mwisho zilitofautiana.

Kwahiyo shiti imebadilika. Saizi sasa ina kolamu mbili, ya kwanza saizi na ya pili imetoka wapi: "nimeona", "bakodi" au "nimekisia". Ikiwa "nimekisia" mstari hauingii kwenye ulinganisho. Nilikuta nimekisia kwenye mistari mitano katika ile 17, na sikuwa nimejua hata mmoja kwamba nimekisia.

Jumatano, 2 Julai: kurudi kwa picha tano tu

Yule mama wa duka B kanikubalia tena. Nikapiga picha tano za karibu sana za pale tu penye gramu au mililita, nikasogeza macho pembeni kuepuka lebo ya punguzo. Dakika nne. Nauli haijawepo nilipitia njiani.

Bei zote sasa zinageuzwa kuwa bei ya gramu 100 au mililita 100. Bei iko kolamu F na uzito kolamu E:

```
=ROUND(F2/E2*100,0)
```

Mistari mitatu kati ya ile mitano ilipinduka. Sabuni ya unga, yetu 5,000 kwa kilo ni 500 kwa gramu 100, yao 4,700 kwa gramu 900 ni 522. Sabuni ya vyombo, yetu 2,800 kwa mililita 500 ni 560, yao 2,600 kwa 450 ni 578. Dawa ya meno, yetu 3,500 kwa gramu 140 ni 2,500, yao 3,200 kwa 120 ni 2,667. Matokeo mapya: wao rahisi kwenye 6, sisi 9, sawa 2.

Lakini sikudanganyi, mteja anayeshika elfu nne na mia saba mkononi hapigi hesabu ya gramu, kwake yule ni rahisi kwa mia tatu na ndivyo anavyosema. Ile sabuni hatujaishusha. Tumebandika lebo yenye mistari miwili, bei juu na chini yake "kilo kamili, 500 kwa gramu 100", na mdogo wangu anaweka ule mfuko wa 900 kaunta mtu akiuliza anaonyeshwa.

Kwenye zile 6 walizotushinda kweli, nne tumeshusha baada ya kuangalia bei ya jumla tunayonunulia. Mbili hatuwezi, wao wanauza chini ya tunavyonunua sisi.

Jumanne, 8 Julai: ombi nililolikataa

Jirani mwenye duka mtaa wa pili alisikia habari ya orodha. Akaja na wazo zuri kwa sura, "Ndugu yangu, nipe hiyo orodha na mimi nikupe yangu, tukae tupange bei moja tusiumizane." Nikamwambia orodha ya bei zilizobandikwa hadharani nitakuonyesha namna ya kuitengeneza, ila kupanga bei pamoja hapana. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza wafanyabiashara kukubaliana bei, na wanaoumia ni walewale wateja wetu. Nikamfundisha kupiga picha, tukaachana vizuri.

Jumatatu, 21 Julai: shelfu ya pili

Shelfu ya vinywaji na maziwa, duka B, kwa utaratibu mpya: kuomba, picha ya ramani, picha za karibu, picha za ziada za gramu palepale, anwani, orodha mbili, jina la lebo kabla ya bei, chanzo cha saizi. Bidhaa 52. Mimi nilipata 53 na mdogo wangu 51, tukapatanisha ndani ya dakika ishirini. Jumla ya kazi saa moja na dakika hamsini.

Kuna jambo jipya ambalo shelfu ya sabuni haikuwa nalo, friji. Mlango wa kioo unaakisi mtu anayepiga, na ukiufungua kioo kinapata ukungu kwa sekunde kadhaa. Nilimuomba kijana wa pale aushike wazi mpaka ukungu upotee, mstari wa nyuma bado hauonekani, na bidhaa sita zimeandikwa "haisomeki" mpaka nitakaporudi.

Gharama tangu mwanzo: nauli 16,000, manunuzi ya kuhakiki 19,300 (vitu tumetumia nyumbani), kijana wa duka siku mbili 16,000, bando 3,000. Jumla 54,300. Siku ya pili ya kijana ilikuwa leo.

Kinachofuata ni kurudia shelfu ya sabuni wiki ya kwanza ya Agosti nione lebo gani zimebadilika, na nitanunua vitu vingine sita nione risiti.